Sufuria za alumini zimekuwa nyeusi baada ya kulowekwa na magadi, naomba ushauri

Habari zenu wapishi wenzangu, niko jikoni kwenye hoteli huku Kirumba, Mwanza. Juzi kijana mgeni wa kuosha vyombo kaloweka sufuria za alumini kwenye maji ya magadi usiku kucha, asubuhi ndani nyeusi tii, ila za stili zilizokuwa humo humo ziko poa kabisa. Nimechemsha moja na maji na ndimu sita kama dakika 20, weusi umetoka karibu wote, lakini nikipitisha kidole chini nasikia vishimo vidogo vidogo kama mchanga. Na mchuzi wetu wa sato una nyanya na ndimu, unakaa humo masaa. Je, mchuzi nihamishie kwenye stili, hizi za alumini zibaki za maji tu, au vishimo vinasuguliwa vikaisha?