Bangi ya maabara: ni bangi kali tu, au ni kitu kingine kilichoazima jina?

Mdadisi: Wadau, kuna ubishi umenishinda. Wapo wanaosema hii bangi bandia ya vipakiti ni bangi ileile, ila imezidishwa makali. Wengine wanasema si bangi hata kidogo. Kama ni ileile, mbona watu wanaanguka na kupata degedege, mambo ambayo kwa wavutaji wa majani ni nadra kuyasikia? Na je, ni sahihi kuendelea kuiita bangi?

Asili Kwanza: Mbona jibu ni jepesi. Mmea mwili unaujua, kemikali haijui. Halafu humo kwenye vipakiti wanachanganya sumu ya panya, na hiyo ndiyo inayoangusha watu. Mwaka 2018 kule Illinois, Marekani, watu walivuta wakaanza kutokwa damu puani na kukojoa damu. Nani amewahi kukojoa damu kwa kuvuta jani?

Zamu ya Usiku: Mkuu, la Illinois ni kweli kabisa, ila umelitundika pasipo pake. Watu zaidi ya 150 waliugua, wanne wakafa, na kilichokutwa mwilini mwao ni brodifakumu, dawa ya panya inayozuia damu kuganda. Waliopona walimeza vitamini K kwa wiki nyingi, wengine miezi, maana brodifakumu ikiingia mwilini haitoki upesi. Lakini sumu ile hufanya kazi polepole, damu inaanza kutoka baada ya siku kadhaa. Mtu aliyevuta akaanguka kabla hata hajamaliza kipande chake hajaangushwa na dawa ya panya. Ameangushwa na kitu kilekile muuzaji alichokusudia kukiweka.

Na hilo la "asili" nalo lina tundu. Kuna dawa ya hospitali inaitwa dronabinoli, wanapewa wagonjwa wanaotapika kwa sababu ya tiba ya saratani. Inatengenezwa kiwandani, na molekuli yake ni THC, ileile kemikali inayolewesha iliyo kwenye jani. Mwili hauulizi imetoka shambani au kwenye chupa.

Asili Kwanza: Sawa, nimekubali la panya. Basi tofauti iko wapi?

Zamu ya Usiku: Iko kwenye namna kemikali inavyokishika kipokezi, yaani sehemu ya seli inayopokea ujumbe wa kemikali. Ubongo una vipokezi vinavyoitwa CB1, na THC na hizi za maabara zote zinakwenda kushika hapohapo. Kifikirie kila kipokezi kama bomba la maji. THC inalifungua nusu tu. Ukivuta zaidi, mabomba mengi zaidi yatafunguka, lakini kila moja linaishia nusu, kwa hiyo kuna mahali ambapo kuongeza kiasi hakuongezi nguvu sana. Nyingi ya hizi za maabara zinalifungua bomba mpaka mwisho, tena kiasi kidogo sana kinatosha kuyashika mabomba yote. Kwa hiyo hata ungelivuta shamba zima, THC haifanyi kinachofanywa na hizi.

Ndiyo maana sipendi kusikia "bangi kali". Bangi kali ni jani lenye THC nyingi. Hii ni familia nyingine ya kemikali inayobisha mlango uleule.

Fundi wa Maneno: Swali la pembeni: nani alizibuni? Nasikia ni wauza unga.

Zamu ya Usiku: Hapana, ni watafiti. Iliyotangulia kujulikana mitaani ni JWH-018, na hizo herufi ni za John W. Huffman, profesa wa kemia wa Chuo Kikuu cha Clemson. Timu yake ilikuwa ikitengeneza molekuli za kuvichunguza vipokezi hivyo, kisha wakachapisha matokeo kama watafiti wanavyofanya. Wengine wakasoma, wakanakili. Mwishoni mwa 2008 wakemia wa Ujerumani walipochunguza vipakiti vya Spice, vilivyouzwa kama mitishamba ya kufukiza, waliikuta JWH-018 imenyunyiziwa kwenye majani makavu. Majani yenyewe hayakuwa na kazi yoyote.

Kijana wa Kijiwe: Mnatisha watu bure. Mimi nimevuta hivyo vipakiti mara tano au sita. Mara zote nilichangamka tu, moyo ukaenda mbio kidogo, basi. Tena mara ya mwisho ilikuwa pakiti ileile niliyokuwa nimevuta juzi yake. Anayeanguka ana udhaifu wake.

Zamu ya Usiku: Hilo la pakiti ileile ndilo linalonitisha mimi. Kwenye mmea, THC imeota humo humo kwenye maua, kwa hiyo kipande hiki na kile havipishani sana. Kwenye pakiti, kemikali imemwagiwa ikiwa majimaji, ikakauka ilipokaukia. Kona moja ya pakiti inaweza kuwa na kiasi mara kadhaa kuliko kona nyingine. Ulichovuta juzi hakikwambii chochote kuhusu ulichovuta jana.

Nitaeleza kisa kimoja chenye vipimo. Tarehe 12 Julai 2016, Brooklyn, New York, watu 33 walikutwa barabarani na maeneo ya karibu wakiwa wamesimama au wameketi kama sanamu, macho yamekodoka, wanaguna, wanajongea taratibu mno. Magazeti yakawaita mazombi. Watu 18 wakapelekwa hospitali. Pakiti moja iliyopatikana, yenye jina la bunduki na dhahabu, ilipimwa, ikakutwa na kemikali iitwayo AMB-FUBINACA, wastani wa miligramu 16 kwa kila gramu ya majani. Miligramu 16 zinaonekana si kitu, sivyo? Bangi yenye THC asilimia 15 ina miligramu 150 kwa gramu. Lakini waliochunguza kisa hicho walikadiria kwamba AMB-FUBINACA ina nguvu mara 85 ya THC. Zidisha 16 kwa 85, unapata 1,360. Gramu moja ya majani yale ilikuwa kama gramu tisa za bangi kali. Na hiyo ni hesabu ya wastani, kona zenye kemikali nyingi hazimo.

Mwalimu wa Hesabu: Hesabu imekaa vizuri, ila inajipinga na bomba lako. Kama THC inaishia nusu, huwezi kusema gramu moja ni sawa na gramu tisa za bangi. Hata tisini zisingefika.

Zamu ya Usiku: Umenibana, na una haki. Ile mara 85 inalinganisha kiasi kinachohitajika, haisemi bomba linafunguka hadi wapi. Ichukuliwe kama kiwango cha chini cha tatizo.

Dada Mkubwa: Samahani kama natoka nje ya mada. Mdogo wangu alianguka mwaka jana, akapata degedege, akazinduka anatukana watu wasiokuwepo. Wenzake walisema walikuwa wanavuta. Hospitali wakapima mkojo, wakasema hana bangi. Baba akaamini kijana ni msafi, tukahangaika miezi kadhaa tukitafuta kifafa. Na yeye mwenyewe alikuwa anaapa hajagusa bangi. Kumbe alikuwa anasema kweli?

Zamu ya Usiku: Dada, pole, na hujatoka nje ya mada hata kidogo. Kipimo cha kawaida cha mkojo kinatafuta mabaki ya THC. Kemikali hizi hazifanani na THC kiasi cha kukamatwa nacho, kwa hiyo kikisema "hakuna" kinasema hakuna THC, basi. Hata maabara kubwa hupata shida. Kwa wale wa Brooklyn, damu waliyochukuliwa haikuwa na AMB-FUBINACA yenyewe. Ilikuwa imekwisha kuvunjwa na mwili, na kilichoonekana ni zao lake tu. Anayetafuta kemikali iliyokuwa kwenye pakiti haipati. Kijana wako huenda hakusema uongo: alivuta, lakini hakuvuta bangi.

Sisemi ndiyo iliyomwangusha. Kifafa kilistahili kutafutwa. Ila kijana aliyekuwa mzima, akaanguka muda mfupi baada ya kuvuta, mapigo ya moyo yako juu sana au yameshuka kuliko kawaida, anatapika, haelewi alipo, na kipimo cha bangi kinasoma hakuna: mimi hapo naanza kuuliza kuhusu pakiti.

Fundi wa Maneno: Na mnawatibuje?

Zamu ya Usiku: Hakuna dawa ya kuikata. Degedege na fujo tunazituliza kwa dawa za jamii ya diazepamu, tunaangalia moyo, tunatia maji, tunapima figo. Figo msizisahau: Marekani waliripoti watu 16 walioharibika figo ghafla mwaka 2012 baada ya kuvuta bidhaa hizi, jambo ambalo kwa bangi ya mmea silijui. Nyumbani mlaze ubavu, asimezeshwe maziwa wala chochote, na msimwache peke yake.

Asili Kwanza: Hujasema kuhusu CBD. Jani lina CBD, kemikali nyingine isiyolewesha, inayopoza THC, za maabara hazina. Hiyo si ndiyo baraka niliyoisema?

Zamu ya Usiku: Kwamba vipakiti havina CBD ni kweli. Kwamba CBD ndiyo inayomlinda mvutaji wa jani, watafiti bado wanavutana. Na bangi nyingi ya siku hizi imekuzwa kwa ajili ya THC, CBD yake ni kidogo mno. Mimi nisingeiegemea.

Mtunga Sheria: Mnazunguka. Tatizo ni sheria. Ukipiga marufuku molekuli moja, wanabadilisha mkia wake, wanauza nyingine. China ilipiga marufuku familia nzima kuanzia Julai 2021. Kila nchi ifanye hivyo, mjadala ufungwe.

Mwalimu wa Hesabu: Na baada ya hapo zikaibuka nyingine zenye umbo lililo nje ya maelezo ya sheria hiyohiyo. Kila ikibanwa inazaa mpya, na hiyo mpya hakuna aliyeipima kwa mtu. Mimi naona marufuku ya jani ndiyo inayowasukuma watu huku, hasa wale wanaopimwa mkojo magerezani na kazini. Wanachagua kisichoonekana.

Mtunga Sheria: Kwa hiyo turuhusu bangi ili kuokoa watu na kisicho bangi? Wapo wanaovuta vyote viwili.

Mwalimu wa Hesabu: Wapo. Sijasema ingewamaliza.

Kijana wa Kijiwe: Mimi hiyo ya kona za pakiti sikuwa naijua.

Mdadisi: Na jina je? Mimi naona "bangi bandia" linamwambia kijana ni bangi yenye punguzo.

Fundi wa Maneno: Ukiiita "kanabinoidi sintetiki" nani ataelewa? Afadhali jina baya linaloeleweka.

Zamu ya Usiku: Hapo sina jibu. Wodini nimeacha kuuliza "umevuta bangi?" maana wanajibu hapana na wanaamini wanachosema. Nauliza "ilikuwa kwenye nini?"

Dada Mkubwa: Ile pakiti bado ninayo kabatini, imebaki nusu. Daktari hakuwahi kuiomba. Niipeleke?

Zamu ya Usiku: Ipeleke, usiifungue wala usiinuse, iweke ndani ya mfuko mwingine uliofungwa. Piga simu kwanza uwaeleze unaleta nini, usitembee nayo hivihivi. Na uulize kama maabara yao ina orodha ya kemikali za karibuni, maana ikipimwa kwa orodha ya zamani itasoma safi, na mtarudi palepale kwenye kifafa.