Nimekataliwa baada ya usaili wa uhasibu, naomba ushauri kabla sijapeleka barua ya malalamiko

Mhitimu_Dodoma: Ndugu wanajukwaa, nilifanya usaili wa nafasi ya mhasibu msaidizi katika kampuni moja binafsi, nikajibu maswali yote, lakini juzi nimepokea ujumbe kwamba wamemchagua mwingine. Tangu hapo silali vizuri. Ninaamini nafasi ile ilikuwa na mwenyewe tangu mwanzo, na barua ya kumlalamikia mkuu wa rasilimali watu ipo tayari. Je, niipeleke kesho?

Mama Tulia: Pole sana, mwanangu. Riziki hupangwa na Mungu, na penye uchungu mwingi mtu asiandike barua.

Kipepeo: Mimi niliomba kazi ya ualimu shule tatu, na zote hazikunijibu hata neno moja. Wewe umejibiwa, kwa hiyo shukuru.

Mkaguzi Mstaafu: Nimekaa upande wa wasaili kwa muda mrefu. Kabla ya kuzungumzia barua, tueleze: kulikuwa na zoezi la vitendo? Ukikabidhi karatasi, walikuuliza nini?

Mhitimu_Dodoma: Kulikuwa na usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha daftari la fedha la kampuni na taarifa ya benki hadi salio lifanane. Daftari la fedha lilikuwa na salio la Sh 4,875,000 na taarifa ya benki Sh 5,210,000. Hundi ambazo hazijawasilishwa benki zilikuwa Sh 650,000, fedha tulizopeleka ambazo benki haijaziingiza Sh 300,000, na makato ya benki Sh 15,000. Nilibakiwa na Sh 30,000, na kwa kuwa muda ulikuwa unaisha, nikaongeza mstari wa "tofauti ndogo" ili pande zilingane. Mmoja akaniuliza fedha hiyo ni nini, nami nikamjibu kwamba ni kiasi kidogo. Sioni kwamba jambo hilo linaweza kumnyima mtu kazi.

Bandarini: Hata ofisini kwetu tofauti ndogo hufutwa. Walikuonea.

Mkaguzi Mstaafu: Bandarini, hufutwa baada ya kuchunguzwa na kuidhinishwa na mkubwa, wala si kwa uamuzi wa aliyeandaa karatasi. Mhitimu, upande wa benki ni 5,210,000, ongeza 300,000, toa 650,000, unapata 4,860,000. Upande wa daftari ni 4,875,000, toa 15,000, unapata 4,860,000. Wewe uliyaongeza makato badala ya kuyatoa, ukafika 4,890,000. Kila unapobaki na tofauti, igawe kwa mbili kisha tafuta nusu yake miongoni mwa tarakimu ulizo nazo, kwa sababu kiasi kilichowekwa upande usio wake huzaa tofauti mara mbili yake. Hapa nusu ni 15,000, na ilikuwa mbele yako.

Kosa la kujumlisha husameheka kwa kijana. Kilichowatisha, kwa maoni yangu, ni ule mstari, maana Sh 30,000 inaweza kuwa malipo ya Sh 500,000 yaliyosahauliwa pamoja na mapokezi ya Sh 470,000 yaliyosahauliwa, yakafichana. Jibu ambalo ningelitaka ni hili: "Sijaipata bado, nimeiacha wazi, na ningeanza kuitafuta kwenye makato."

Jicho Kali: Samahani, mimi nina shaka. Mtu asiyelala kwa huzuni anakumbukaje kila tarakimu? Hili linafanana na swali la mtihani linalotafutiwa majibu.

Kipepeo: Nami nimeanza kujiuliza.

Mhitimu_Dodoma: Karatasi ya swali tuliruhusiwa kuondoka nayo, waliyobaki nayo ni ya majibu. Sina mtihani wowote. Kuhusu makato, nimerudia hesabu sasa hivi na ni kweli. Hata hivyo, aliyechaguliwa alikuwa akifanya mafunzo kwa vitendo pale pale, na hilo mbona hamlizungumzii?

Mkaguzi Mstaafu: Linawezekana kabisa, na hapa hakuna awezaye kulithibitisha. Ndiyo maana nakushauri ugawe karatasi sehemu tatu usiku huu: yale usiyoyajua, yale uliyoyajua ukayaeleza vibaya, na yale yasiyo mikononi mwako. Mwanafunzi wao aingie sehemu ya tatu, "tofauti ndogo" iingie ya pili. Kisha badala ya malalamiko, waandikie shukrani fupi yenye swali moja tu: "Katika zoezi la usuluhishi, mlitaka nishughulikieje tofauti iliyobaki?" Ukiuliza kwa nini walikukataa, watakujibu kwa maneno ya jumla au watanyamaza. Swali jembamba lina nafuu, ingawa nalo huenda lisijibiwe.

Bandarini: Mimi bado ningepeleka malalamiko.

Mhitimu_Dodoma: Barua siifuti, lakini kesho haitakwenda. Nitatuma swali hilo kwanza. Mkaguzi, kama una zoezi lingine lenye hundi iliyokataliwa na benki, naomba uliweke hapa, kwa sababu hiyo sijawahi kuifanya kwa mkono wangu.