Tupeane uzoefu: Ukiitwa "sangara" mbele za watu, unaulizaje bila kuwasha ugomvi?

MamaDagaa: Hii hutokea sana pale Mwaloni Kirumba. Mteja akiondoka na dagaa wako, jirani wa meza ya pili anapaza sauti, "Huyu ni sangara kweli!" Watu wanacheka. Sangara anameza hadi watoto wa sangara mwenzake, kwa hiyo hapo hujui umesifiwa kwa kuuza au umeitwa mlafi. Mnaulizaje?

BabaIgoma: Usianze na "Una maana gani?" Kwetu maneno hayo ni mlango wa ngumi, hata ukiyasema kwa upole. Chukua neno lake lenyewe: "Sangara kwa vipi, jirani?" Sauti ishuke mwishoni, mkono uendelee kujaza sado. Ukiacha sado na kumgeukia mwili mzima, swali limeshakuwa kesi. Halafu nyamaza. Wengi huharibu hapo: kimya kinawashinda, wanaongeza "maana mimi sijamchukulia mtu mteja", na tayari wamejibu tusi ambalo hawajatukanwa.

Kijana_Pasiansi: Mpe mawili achague: "Sangara wa kupata au wa kumeza?"

BabaIgoma: Hapo umemtungia tusi. Kama hakuwaza kumeza, sasa anawaza.

Kijana_Pasiansi: Lakini hana pa kukwepea.

MtuWaBugando: Mbele za watu atakwepa tu, atachagua la kuchekesha. Ngoja wateja wapungue.

MamaDagaa: Ukingoja hadi jioni unalea kinyongo!

Ng'wana_Magu: Mnahangaika bure. Sisi Wasukuma tuna watani, Wazaramo hao, utani haukasirikiwi.

BabaIgoma: Utani una wenyewe. Mtani hujibiwa kwa utani, ukimuuliza alimaanisha nini umeuvunja. Jirani wa meza si mtani kwa kuwa kacheka.

Shemeji_K: Mimi mama mkwe kaniambia nina mikono mizito. Nimuulize "kwa vipi, mama"?

BibiNyegezi: Hapana mwanangu, mkubwa hahojiwi. Omba kuelekezwa: "Mama, nirekebishe wapi?" Mwenye nia njema atakuonyesha, labda ugali wako una madonge. Aliyetaka kukuchoma hatakuwa na la kuonyesha.

MtuWaBugando: Na huyo jirani utamjua vivyo hivyo. Aliyetania anaeleza mara moja: "Si umemaliza magunia mawili kabla ya saa nne!" Mwenye lake moyoni anasema "chukulia unavyotaka" au "ukweli unauma". "Nakutania tu" haisemi kitu, wote wawili huitumia. Angalia kama kesho atalirudia neno lile lile baada ya kuona umeuliza.

Kijana_Pasiansi: Na kwenye wasapu?

BabaIgoma: Tuma sauti, sekunde tano. "Sangara kwa vipi" ikiandikwa inasomeka kama umenuna.

MamaDagaa: Sauti nayo akiirusha kwenye grupu la soko?