Nimehamisha WhatsApp kwa kebo: meseji zimerudi, lakini stika, mandhari na kuzima sauti kwa magrupu havipo

Kibatari: Wakuu, naomba ushauri. Nimehama simu, zote Android, namba ileile. Nilinakili folda mbili kwa kebo, `Databases` na `Media`. Meseji zimerudi zote, ila magrupu niliyoyazima sauti yanalia, mandhari ya kila gumzo yamerudi yale ya kawaida, na stika zangu za kutengeneza hazionekani. Simu ya zamani ninayo bado.

Nyundo: Bekapu hubeba meseji na picha tu. Mipangilio haimo, weka upya kwa mkono.

FundiPwani: Nyundo, hiyo ni kweli kwa faili la meseji, `msgstore`, peke yake. Kibatari, gumzo ulizobandika juu nazo zimeshuka?

Kibatari: Zote, mkuu.

FundiPwani: Basi ni folda ya tatu iliyoachwa:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Backups
```

Humo mna `chatsettingsbackup.db`, inayotunza kuzima sauti, kubandika na uchaguzi wa mandhari, na `stickers.db` ya stika. Majina huishia na `.crypt14` au `.crypt15`. Ndiyo maana vitu hivi vimepotea kwa pamoja.

Kwanza, kwenye simu mpya piga bekapu ili usipoteze meseji za tangu uhame. Kisha nakili folda nzima ya `com.whatsapp` kwenye kompyuta. Usiruke hapo, maana ukiondoa WhatsApp, Android huifuta folda hiyo pamoja nayo. Kwenye kompyuta, toa `Backups` ya simu mpya, weka ya simu ya zamani. Ondoa WhatsApp, isakinishe tena, na kabla hujaifungua rudisha folda mahali pake. Ikikuuliza akaunti ya Google, ruka, itafute nakala iliyo ndani ya simu.

Mipangilio itakayorudi ni ya siku ya bekapu ya mwisho ya simu ya zamani, kwa hiyo angalia tarehe ya faili kwanza.

MamaZuri: Mimi stika zangu zilipotea bila kuhama simu. Nilifuta tu ile programu ya kutengenezea. Nazo zimo kwenye `Backups`?

FundiPwani: Hapana dada. Pakiti ya aina hiyo picha zake hukaa ndani ya programu iliyoitengeneza; WhatsApp huziomba huko. Ulizowahi kumtumia mtu, fungua gumzo lake, gusa stika, uiongeze kwenye vipendwa.

Nyundo: Na milio maalumu ya kila mtu?

FundiPwani: Hiyo kaiweke upya. Tangu Android 8 milio inasimamiwa na simu yenyewe, na ukiondoa programu mipangilio hiyo hufutika.

Kibatari: Kuzima sauti na kubandika vimerudi, na stika pia. Mandhari yale ya kawaida ya WhatsApp yamekubali, lakini gumzo mbili nilizoweka picha za galari bado hazina kitu.

FundiPwani: Tazama kama `Backups` ya zamani ina `wallpapers.backup`. Picha zenyewe hukaa huko.

Kibatari: Ipo, ila tarehe yake ni ya mwezi uliopita.