"MASWALI YAWE YA KUJENGA": Huyu msemaji wa kampuni ya parachichi anatuona chekechea?

Mwanjelwa_Chini
Wakuu, damu inachemka. Simtaji, mnamjua, yule wa suti ya kijivu na kalamu mbili mfukoni.

Waandishi wameitwa saa 4 asubuhi. Bwana mkubwa kaingia saa 5 kasoro. Kasalimia kila mwenye cheo kuanzia mkoa hadi mjumbe wa nyumba kumi, "itifaki imezingatiwa" mara tatu, halafu historia ya kampuni tangu Nuhu anatafuta mbao. Kurasa 9 kasoma! Tarakimu zilizokuwemo ni namba za kurasa tu.

Kisha mtu wa redio kauliza swali moja la watu wazima: wakulima wanawadai shilingi ngapi? Bwana kavua miwani, katazama saa, kasema: "Maswali yawe ya kujenga."

Ya kujenga! Kujenga nini, ghala? Watu wameuza parachichi tangu mvua haijakata, mtu anauliza hela zake ziko wapi, anaambiwa ajenge!

Kihesa_Sokoni
Kamwene mkuu. Hasira zote hizi au chai iliisha kabla hujafika mezani?

Mwanjelwa_Chini
Chai ilikuwepo na sambusa zilikuwepo. Kilichokosekana ni jibu. YA KUJENGA!

Mzee_wa_Kinasa
Tatizo si kuweka mipaka. Msemaji yeyote ana mambo asiyoweza kuyasema, na hakuna mwandishi wa maana anayemlaumu kwa hilo. Kosa lake ni kuuweka mpaka baada ya swali. Ukiutaja kabla ya swali la kwanza, watu wanaupokea kama utaratibu. Ukiutaja swali likishatua, kila kamera inakuona unakimbia, na hicho ndicho kipande cha sekunde 15 kitakachorushwa kwenye taarifa ya saa 2 usiku. Zile kurasa 9 hakuna atakayezirusha.

Tamko la ufunguzi ni karatasi moja, herufi kubwa, mistari iachane, lisomeke kwa dakika mbili hivi. Salamu ni sentensi moja. Jina na cheo unavitaja pole pole ili kijana wa gazeti asivikosee. Kisha ukweli uliothibitishwa, na saa uliyouthibitisha: "Hadi jana saa 11 jioni, vitabu vyetu vinaonyesha hivi." Hiyo saa ndiyo kinga yako, maana kesho hesabu ikibadilika hutaitwa mwongo.

Tukuyu_Mvua
Lakini mkuu, alisema "sehemu kubwa ya malipo imekamilika". Hiyo si tarakimu lakini ni jibu.

Mzee_wa_Kinasa
Hapo ndipo wanapotuchezea. Tufanye mfano, si hesabu zao. Tuseme wamepokea tani 60 kwa shilingi 1,500 kwa kilo. Hiyo ni milioni 90. Wameshalipa milioni 54. Kwa fedha, asilimia 60 imelipwa, na msemaji hajadanganya. Sasa tuseme wakulima wako 300, na hizo milioni 54 zote zimekwenda kwa 40 wenye mashamba makubwa. Waliobaki 260 hawajaona senti. Kwa vichwa, waliolipwa hawafiki asilimia 14.

Kwa hiyo tamko linataja vyote viwili: fedha kiasi gani kati ya kiasi gani, na watu wangapi kati ya wangapi. Ukimsikia mtu anasema "sehemu kubwa", muulize ya nini.

Mwanjelwa_Chini
Na ndicho yule wa redio alichotaka kuuliza! Akaambiwa ajenge!

Uyole_Njia_Panda
Jamani huyo kavunja sheria. Ipo sheria ya haki ya kupata taarifa ya 2016, inamlazimisha kujibu pale pale ukumbini.

Mzee_wa_Kinasa
Sheria ipo na mwaka umeupatia. "Pale pale" umeongeza wewe. Sheria ile ni ya kuomba kwa maandishi, na anayeombwa ana hadi siku 30. Tena inazibana zaidi ofisi za umma. Kampuni binafsi inaingia kama inatumia fedha za umma au ina taarifa yenye maslahi kwa umma, na hapo wanasheria watabishana mpaka msimu ujao. Ukumbini hakuna sheria inayomfungua mtu mdomo.

Wakili_Msaidizi_Iringa
Mnamwonea. Huenda kuna madai yako mahakamani na kaambiwa na wakili asitaje deni.

Mzee_wa_Kinasa
Basi aseme hivyo mwanzoni, na sababu yake. Kuna "sijui bado, nitajua Ijumaa". Kuna "najua, siwezi kusema kwa sababu shauri liko mahakamani". Kuna "si eneo langu, muulizeni mhasibu, huyu hapa kushoto kwangu". Kila moja ina mlango wake. "Ya kujenga" haina mlango hata mmoja, inamhukumu muulizaji tu.

Halafu kuna lile alilolisema mwishoni, "hayo msininukuu", maikrofoni sita ziko mezani zinawaka taa nyekundu. Makubaliano ya kutonukuliwa hufanywa kabla ya kusema. Ukishasema mbele ya kamera, limekwenda.

Soweto_Stendi
Mimi nakereka na ile "swali moja kila mtu". Ukijibiwa nusu, umekwisha.

Mzee_wa_Kinasa
Hiyo ina maana yake. Bila hiyo, wakubwa wawili kutoka Dar wanamaliza dakika zote 20 na redio ya Rungwe inarudi mikono mitupu. Weka swali moja na nyongeza moja juu ya jibu lile lile. Taja jina na chombo chako kwanza. Anayechagua wa kuuliza awe mwongoza kikao, asiwe msemaji, maana msemaji akichagua mwenyewe atachagua marafiki. Na "mawili ya mwisho" itangazwe kabla hayajaulizwa.

Soweto_Stendi
Bado. Nyongeza moja haitoshi kwa mtu anayezunguka kama yule. Mimi ningemng'ang'ania mpaka maikrofoni izimwe.

Mama_Mbalizi
Samahani, nina stakabadhi tatu za mwaka jana. Nizipeleke wapi nilipwe?

Kihesa_Sokoni
Mama, hapa wanajadili miwani ya msemaji, si malipo 😂

Mama_Mbalizi
Basi mngesema mapema.

Tukuyu_Mvua
Mama, toa nakala, nenda navyo kwa katibu wa ushirika wako, omba aandike kilo na tarehe kwenye daftari lake mbele yako. Halisi usimwachie mtu.

Uyole_Njia_Panda
Kama ni kilo, semeni na mizani zao! Kreti inapimwa na parachichi zake, kisha wanakata "uzito wa kreti" kilo mbili. Kreti tupu hata hizo kilo mbili haifikishi.

Soweto_Stendi
Kwetu wanakata mbili na nusu.

Mwanjelwa_Chini
Wakuu, turudi kwenye mada. YA KUJENGA!

Tukuyu_Mvua
Mbili na nusu wapi hiyo? Taja kijiji. Sisi tulipima kreti tupu mbele yao, wakanyamaza, siku hiyo hawakukata.

Njombe_Miche
Miche ya Hass ipo, imebebeshwa vizuri, njoo inboksi.

Kihesa_Sokoni
Umbebeshee msemaji.

Uyole_Njia_Panda
Njombe_Miche, mche bei gani, na mnafikisha Uyole?