Oda za lipa ukipokea: kumpigia mteja, kumwandikia, au kudai nauli mbele?

ViatuNakuru
Wenzangu, nauza viatu vya wanawake nikiwa Nakuru. Oda nyingi zaenda Kisumu, Kakamega na Bungoma, na mteja hulipa mzigo ukifika. Ukikataliwa, nauli ya kwenda 250 na ya kurudi 200 zote ni juu yangu, ilhali faida ya jozi moja ni 500. Kabla ya kutuma, ipi bora: kumpigia kila mteja, kumwandikia ujumbe athibitishe, au kumtaka atume nauli kwanza?

SokoKondele
Ujumbe watosha. Mwandikie WhatsApp: "Jibu NDIYO tukutumie." Asiyejibu usimtumie. Kupiga simu kunamaliza asubuhi yako yote.

MizigoMagharibi
SokoKondele, ujumbe unamchuja aliyeagiza kwa mchezo, hapo nakubali. Lakini "ndiyo" ni neno jepesi, na wengi wanaokataa mzigo walikuwa wameshalijibu. Kinachowafanya wakatae ni kimoja kati ya vitatu: hawakujua jumla pamoja na nauli, walidhani mzigo utafika mlangoni, au siku ile pesa haipo. Simu inayafichua haya matatu, mradi usiulize swali la kujibiwa ndiyo au hapana.

Mfano: oda imeandikwa "Kisumu, saizi 39". Usimuulize kama bado anataka. Muulize, "Uko Kisumu sehemu gani, na mzigo utauchukulia wapi?" Akisema Ahero, ujue hajapanga kufika ofisi ya mizigo mjini, na nauli yake ya kwenda na kurudi itamfanya aghairi. Hapo mpe chaguo la bodaboda na umtajie bei. Kisha umuulize, "Kiatu ulichovaa sasa ni saizi gani?" Mwisho mtajie jumla moja, kwa mfano 1,750 pamoja na nauli, uulize, "Utakuwa nayo siku gani?" Akijibu "Ijumaa", tuma ufike Ijumaa. Akijibu "wewe tuma tu, tutaongea", zuia mzigo. Jibu hilo linamaanisha pesa haijapangwa.

Piga mara mbili: saa chache baada ya oda, kisha asubuhi ya siku ya kutuma. Hii ya pili ni ya nusu dakika, na ndiyo inayookoa nauli, maana aliyeagiza tarehe 20 akitegemea mshahara hubadilika katikati.

MamaShuka_Kakamega
Jamani, kuthibitisha kwa simu kuna hatari. Mteja anaweza kukutumia ujumbe wa M-Pesa aliouandika mwenyewe, nawe ukaachilia mzigo. Mimi hungoja pesa ionekane kwenye salio langu.

ViatuNakuru
Mama, hapa tunathibitisha oda, si malipo. Ila neno lako litafaa nikidai nauli mbele. Na wasiopokea namba ngeni, nifanyeje?

MizigoMagharibi
Tanguliza ujumbe mfupi wenye jina la duka na kiatu alichoagiza, piga baada ya dakika kumi. Asipopokea, piga tena jioni, saa kumi na mbili hadi saa mbili, watu wakiwa wametoka kazini. Mara mbili kimya, mzigo unabaki rafuni na unamwandikia kuwa utatumwa akipiga. Namba isiyopatikana kabisa huenda imekosewa tarakimu, kwa hiyo kagua oda kabla ya kuifuta.

Hesabu_Bungoma
Nauli mbele ipimwe kwa hesabu za ViatuNakuru mwenyewe. Mzigo uliokataliwa unamla 450. Mnunuzi mzuri akikimbia kwa sababu umemdai nauli, faida ya 500 imepotea. Basi kwa kila mnunuzi mzuri anayekimbia, nauli mbele lazima izuie zaidi ya mzigo mmoja wa kukataliwa, la sivyo ni hasara. Mteja mgeni hajakuamini bado, na ndiye anayekimbia haraka. Ningeidai kwa watu wawili tu: aliyewahi kukataa, na anayeagiza jozi nyingi kwa mkupuo.

SokoKondele
Sawa, kwa viatu simu ina maana kwa sababu ya saizi. Kwa bidhaa isiyo na saizi, kama sufuria, bado naona ujumbe unaotaja jumla na mahali pa kuchukulia utafanya kazi hiyo hiyo.

MizigoMagharibi
Ukitaja hivyo viwili utaondoa sababu mbili. Ya pesa kutokuwepo itabaki, na mtu haandiki kwamba hana pesa. Kwenye simu unasikia anavyosita.

ViatuNakuru
Kuanzia Jumatatu nitaweka daftari lenye safu nne: alipokea simu, siku aliyotaja, alilipa, sababu ya kukataa. Za Kisumu nitapiga mara mbili, za Bungoma nitaandika tu, niangalie tofauti baada ya oda 40.

Hesabu_Bungoma
Usigawanye kwa mji, dada. Bungoma ni mbali zaidi, huenda hata nauli isilingane. Gawanya kwa zamu: oda moja piga, inayofuata andika.