Naomba ushauri: faida ya CRDB nichukue safu ya Kundi au ya Benki?

Wakuu, nina hisa za CRDB na nataka kujua bei yake ni mara ngapi ya faida kwa hisa. Ripoti ya mwaka ina safu mbili. Ya Kundi inajumlisha kampuni tanzu, zikiwemo benki za Burundi na Kongo, na miamala ya wao kwa wao imefutwa. Ya Benki ni kampuni mama peke yake: kampuni tanzu zinaonekana kama uwekezaji tu, na gawio zinalolipa linahesabiwa mapato.

Naona bei ilinganishwe na faida ya Kundi, baada ya kutoa fungu la wanahisa wengine wa benki ya Kongo. Lakini gawio langu hulipwa na kampuni mama. Je, uwezo wa kulilipa niupime kwa faida limbikizi ya safu ya Benki?